Muulize leo, na kumrudisha nyumbani kusubiri kwanza

"Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa malezi sekondari ya bweni. Kuna kijana wa kidato cha tatu kaandika kwenye insha kwamba amechoka na ingekuwa bora asingekuwepo. Ukimwangalia anacheka na wenzake kama kawaida. Naogopa kumuuliza kama anataka kujiua nisije nikamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Mkuu wa shule anasema asaini karatasi kwamba hatajidhuru halafu arudi kwao wiki mbili akapumzike. Nifanyeje?"

Marahaba mwalimu. Kama bado hujakaa na huyo kijana kaa naye leo, usisubiri kikao wala wikiendi ipite, halafu ndio urudi usome yaliyobaki. Na ikitokea ukasikia ameshafanya kitu, amemeza au amekunywa chochote, mpelekeni hospitali hapo hapo hata kama anasema alikuwa anatania, maana kuonekana mzima saa za mwanzo si ushahidi kwamba hajadhurika.

Tuanze na hofu yako ya kumtia wazo, maana karibu kila mwalimu na hata manesi wengi ninaokutana nao wanayo. Hili jambo lilishapimwa. Huko jimbo la New York watafiti walichukua wanafunzi zaidi ya 2,300 wa sekondari, nusu wakaulizwa maswali ya kujiua kwenye dodoso na nusu hawakuulizwa, kisha siku mbili baadaye wakawapima wote tena. Matokeo yalichapishwa 2005. Walioulizwa hawakuwa na msongo zaidi ya wenzao wala mawazo ya kujiua zaidi, na wale waliokuwa na sonona au waliowahi kujaribu huko nyuma, yaani wale hasa tunaowaogopea, walionekana kuwa na nafuu kidogo kuliko wenzao ambao hawakuulizwa.

Ukikaa na hawa watoto unaelewa kwa nini iko hivyo. Wazo la kujiua halisubiri mtu wa nje alilete, mtoto anakuwa ameshalala nalo wiki kadhaa, na kinachomtesa juu ya hilo wazo ni kuamini kwamba ni la aibu, ni dhambi, ni la kichaa, na kwamba akilitamka watu watamkimbia. Sasa mtu mzima anapolitamka kwanza, kwa sauti ya kawaida, bila kushtuka, anakuwa amemwonyesha kwamba hapa linasemeka. Nimeona watoto wanalia kwa swali hilo halafu mabega yanashuka kabisa, kama mtu aliyetuliwa ndoo ya maji kichwani.

Kinachoharibu ni namna ya kuuliza. Swali kama "wewe si unajua huwezi kufanya mambo ya kijinga eti eeh?" lina jibu lake ndani, unamwambia sema hapana nikapumzike, na atasema hapana. Vilevile usijifiche nyuma ya neno kujidhuru. Kuna mtoto anajikata mkono ili moyo utulie na hana nia ya kufa hata kidogo, na kuna mwingine hajawahi kujigusa ila anataka kufa, ukimuuliza habari ya kujidhuru atakujibu hapana na hatakuwa amekudanganya. Sema kujiua. Fanya mazoezi ya kulitamka hilo neno peke yako kabla ya kumwita, najua linasikika ajabu, lakini likikukwama kooni mbele yake atajua wewe pia huwezi kulibeba.

Na kucheka na wenzake kusikupe usingizi. Bweni halina faragha, mtoto anajifunza kuvaa sura, na wengine huchangamka baada ya kuwa wameshaamua, kwa sababu ile vuta nikuvute ya ndani imekwisha. Sisemi kila anayecheka ana hatari, nasema kicheko hakikujulishi chochote kwa upande wowote.

Kabla hujauliza sema habari ya siri. Usimwahidi kwamba yatabaki kwenu wawili, utaivunja ahadi hiyo na hatakuamini tena. Mwambie hivi, yale utakayoniambia sitayatangaza, lakini nikiona uhai wako uko hatarini nitamshirikisha mtu wa kusaidia, na nitakwambia kwanza ni nani na nitamwambia nini. Watoto wengi wanalikubali hilo kuliko tunavyodhani. Kaeni mahali ambapo wenzake hawapiti dirishani, mpe muda, simu yako iweke mbali.

Mpangilio wa maswali ninaoutumia mimi unafuata ule wa Chuo Kikuu cha Columbia, unatumika nchi nyingi na mtu asiye daktari anaweza kufundishwa kuutumia. Unaanza mbali kidogo: umewahi kutamani ungelala usiamke tena? Halafu unaingia: umekuwa na mawazo ya kujiua? Akisema ndiyo unaendelea, umefikiria ungefanyaje, umewahi kuwa na nia ya kweli ya kufanya au ni mawazo tu yanakuja, umeanza kupanga lini na wapi. Na mwisho, hata kama kwenye mawazo alisema hapana, unamuuliza kama amewahi kufanya kitu au kuanza kufanya kitu ili afe, na kama ndiyo ilikuwa lini, ndani ya miezi mitatu iliyopita au zamani. Kwenye hayo majibu, mtu anayetamani asiamke ila hana wazo la kujiua anahitaji msaada, lakini unayo siku chache za kumtafutia. Mwenye nia, au mwenye mpango, au aliyejaribu ndani ya hiyo miezi mitatu, haachwi peke yake hata kwenda chooni mpaka aonwe na mtaalamu, na ni siku hiyo hiyo.

Hapa kuna kosa nimelifanya mwenyewe nilipoanza kazi, nilikuwa najumlisha majibu kama maksi, huyu wa chini huyu wa juu, halafu wa chini namwacha aende. Mwaka 2017 ulitoka uchambuzi wa tafiti za miaka 50 kuhusu vihatarishi vya kujiua, na ukaonyesha kwamba uwezo wetu wa kutabiri nani atajaribu na nani hatajaribu umezidi kidogo tu kurusha shilingi. Mwongozo wa taifa wa Uingereza wa 2022 ukawaambia wahudumu wazi wasitumie fomu za alama kutabiri, wala kuamua nani apate matibabu na nani arudishwe nyumbani. Maswali hayo basi yanatufungulia mazungumzo na kutuonyesha haraka iko kiasi gani. Kazi inayobaki ni kujua kitu gani kinamsukuma huyu mtoto, kitu gani kinamshikilia, na usiku wa leo mnaupitishaje.

Nikupe mfano mmoja, nimeuchanganya kutoka kwa watoto kadhaa ili asitambulike mtu. Binti wa miaka 16, bweni, aliletwa na matroni kwa sababu alikuwa anagawa chakula chake na anagawa vitu vyake, mara daftari, mara shuka. Mwanzoni alisema ni tumbo. Nilipomuuliza habari ya kutamani asiamke akasema "kila mtu si anatamani hivyo." Nikauliza moja kwa moja, umekuwa na mawazo ya kujiua? Akakaa kimya kama dakika nzima, na mimi nikakaa kimya, hilo ni muhimu, usimsaidie kujibu. Akasema ndiyo, tangu matokeo ya katikati ya muhula. Umefikiria ungefanyaje? Akataja kitu kilichokuwa kwenye stoo ya baba yake, baba analima pamba. Una nia ya kweli? "Siku zingine." Umepanga lini? "Shule ikifungwa." Shule ilikuwa inafungwa baada ya siku 11. Umewahi kuanza kufanya? Mwaka uliopita aliwahi kuingia kwenye hiyo stoo, akakaa, mdogo wake akamwita nje, akatoka. Hakuwahi kumwambia mtu.

Angalia hapo mwalimu. Kama mkuu wake wa shule angesema arudi nyumbani akapumzike, tungekuwa tumemsogeza mpaka mlangoni pa ile stoo, tukawahi hata tarehe aliyoiweka mwenyewe. Na asingekuwepo mtu wa kujua, maana wazazi walikuwa hawajaambiwa lolote zaidi ya tumbo. Ndio maana siwezi kukubali kijana wako arudishwe kabla hamjajua huko kwao kuna nini na kuna nani. Nyumbani panaweza kuwa ndio dawa na panaweza kuwa ndio penye sumu, na kumbuka kwa mtoto kurudishwa kunasikika kama kufukuzwa, hasa kama kilichomuumiza ni kujiona mzigo.

Sasa kuhusu kile kinachomshikilia. Swali langu kwa binti lilikuwa hivi, siku ile ulitoka stoo, na siku zote tangu hapo hujafanya, nini kimekubakisha? Usiulize "una sababu gani ya kuishi", linamfanya aanze kujitetea kama yuko kizimbani. Yeye akasema mdogo wake, yuko darasa la nne, hajui kujumlisha sehemu, yeye ndiye anamfundisha. Halafu akasema jikoni, kuna mpishi mmoja anamwita mwanangu. Basi. Hakutaja Mungu, hakutaja ndoto ya udaktari, ametaja sehemu za darasa la nne na mpishi, na hivyo ndivyo vya kwake. Wewe pia kwa kijana wako usimletee orodha yako, wazazi wako wanakupenda, una akili, mbele kuna maisha mazuri, vitu hivyo havimshikilii kama havikutoka kwake, vinamwonyesha tu kwamba hujamsikia.

Na kinga, yaani hivyo vinavyomshikilia, zina ncha mbili, hapa wengi wanateleza. Yule binti aliendelea, "lakini nisipokuwepo mama atalipa ada ya mmoja tu." Upendo ule ule kwa familia uliomtoa stoo ulikuwa umeanza kugeuka kuwa sababu ya kuondoka. Imani nayo hivyo hivyo, wapo wengi inawashika kweli na swala au jumuiya inawapa watu wa kukaa nao, na wapo ambao kwa sababu ni watoto wa shehe au wa mchungaji ndio kabisa hawawezi kumwambia mtu. Kwa hiyo ukisikia kinga, chimba kidogo, muulize je kuna wakati hata hilo linaacha kukushika? Na usizipime kwenye mizani ukasema ana kinga tano hatari tatu basi yuko salama. Mtu mwenye nia na mpango anapelekwa hospitali hata kama ana familia nzuri kuliko zote mtaani.

Tuje kwenye ile karatasi ya mkuu. Namwelewa, anaogopa, ana wazazi 600 wa kuwajibu. Lakini karatasi ya kuahidi kutojidhuru haijaonyesha popote kwamba inazuia mtu kujiua, na ina madhara mawili. La kwanza mtoto anasaini ili aachiwe, na akizidiwa usiku ataona aibu kuja kwenu kwa sababu ameshavunja ahadi. La pili nyinyi mnalegea, si amesaini. Karatasi inamwambia asifanye nini, na mtu aliyezidiwa saa tano usiku hilo halimsaidii, anahitaji kuambiwa afanye nini.

Ndipo unapoingia mpango wa usalama. Waliouandaa ni wanasaikolojia wawili wa Marekani, Barbara Stanley na Gregory Brown, na wazo lao linatokana na kitu tunachokiona kila siku kliniki, kwamba ile saa ya hatari kali haikai siku nzima. Inapanda, inafika juu, inashuka, kwa watu wengi ndani ya dakika au masaa, na ikiwa juu akili inabana, mtu haoni njia zaidi ya moja na hawezi kubuni kitu kipya. Kwa hiyo mnaandika mapema, akili ikiwa wazi, hatua anazoweza kuzifuata hata akiwa amebanwa, na wakati huo huo mnaweka umbali kati yake na ile njia aliyoifikiria. Mwaka 2018 walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 1,600 wa hospitali za wanajeshi wa zamani huko Marekani. Waliopewa mpango pamoja na kupigiwa simu baadaye, asilimia 3 hivi walikuwa na tukio la kujaribu au kujiandaa kujiua ndani ya miezi sita, wakati waliopata huduma ya kawaida walikuwa asilimia 5. Walikuwa watu wazima na wengi wao wanaume, sio watoto wa bweni, kwa hiyo siuuzi kama muujiza, lakini ni kitu chenye ushahidi na kinahitaji karatasi na kalamu tu.

Wa yule binti tuliuandika kwenye karatasi ya daftari, kwa maneno yake, yeye ndiye alishika kalamu. Kwanza dalili, anajuaje kwamba inakuja. Akaandika "nikigeukia ukutani baada ya prepu na kichwa kikaanza kusema mimi mzigo." Ni bora mara kumi kuliko kuandika huzuni. Halafu vitu anavyoweza kufanya mwenyewe bila kumsubiri mtu, akaandika kunawa uso na miguu maji ya baridi, na kutunga hesabu za sehemu kwa ajili ya mdogo wake. Nikamuuliza kwa kila kimoja, saa nne usiku unaweza kweli, kitu gani kitakuzuia? Akasema bomba la nje limefungwa usiku. Tukaandika ndoo ndani ya bweni. Usiache hilo swali, mipango mingi inakufa kwa kitu kidogo kama bomba.

Ikafuata wapi au nani wa kukaa naye hata bila kumwambia shida, kwa mchana ni jikoni kwa yule mpishi na kwa usiku ni kitanda cha rafiki yake mmoja. Halafu watu wazima wa kuwaambia waziwazi, akaandika matroni na mama yake mdogo. Na hapa shule zetu zina tatizo lao. Mpango wa Wamarekani unamwambia mtu apige simu, bweni simu ni marufuku. Kwa hiyo lazima mkubaliane kabisa, saa nane usiku anagonga mlango gani, funguo ya bweni anayo nani, matroni akiwa zamu nyingine ni nani anashika nafasi yake, na je akigonga atahojiwa kwa nini hajalala au atafunguliwa. Binti tulimpa neno moja la kusema, akilitamka tu hakuna maswali, anafunguliwa na anakaa na mtu mzima, na yule wa zamu analijua. Kisha zikaja namba za kitaalamu, kliniki yetu, na 116 ambayo ni ya watoto, ni bure Tanzania na Kenya pia, na atakayempigia ni matroni kwa simu yake.

Hatua ya mwisho, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote, ni kuisogeza mbali ile njia. Watu wanasema akitaka atapata nyingine, lakini kwa sehemu kubwa sivyo, ile saa ikipita njia aliyoizoea ikiwa mbali wengi hawahamii nyingine. Sri Lanka walipopiga marufuku viuatilifu vikali kimoja baada ya kingine tangu miaka ya 80 na 90, vifo vya kujiua nchi nzima vilikuja kushuka kwa karibu asilimia 70. Hawakuwa wametibu huzuni ya nchi nzima, waliondoa tu kitu kilichokuwa kwenye kila stoo. Kwa binti ilimaanisha kuongea na baba. Nilimwambia binti kwanza nitakachosema na nini sitasema, habari za mvulana fulani zilibaki kwetu, habari ya stoo hapana. Baba alikasirika kwanza, akasema mtoto amelishwa mambo ya simu, kisha akanyamaza, kisha akauliza afanye nini. Alihamishia vitu vya shamba kwa jirani mwenye ghala la kufuli kabla shule haijafungwa, na dawa za presha za bibi zikawa zinakaa kwa mama, anatoa za siku moja moja. Kwa kijana wako sijui ni nini, ndio maana lazima umuulize, na mkague pia hapo shuleni, maabara, stoo ya bustani, zahanati ya shule.

Mpango haukuchukua nafasi ya hospitali. Yule binti alikuwa na nia, mpango na tarehe, kwa hiyo siku ile ile matroni alimsindikiza hospitali ya wilaya, nikapiga simu kabla hawajafika na nikaandika barua yenye maneno yake mwenyewe, maana mtoto akifika peke yake na barua iliyoandikwa "anasumbuliwa na mawazo" atapewa dawa ya tumbo atarudi. Mpango tuliuandika tukisubiri gari.

Ukishaongea na kijana wako, haya yakitokea usibaki nayo: ana nia au mpango, amejaribu karibuni, anasikia sauti zinazomwamuru, anakunywa au kuvuta vitu, au anakataa kabisa kujibu na wewe roho yako haitulii. Hapo ni hospitali leo, na mtu mzima wa kukaa naye njiani. Kazi yako wewe ni kuuliza, kukaa naye na kumfikisha. Kupima kama ni sonona au kitu kingine na kuamua dawa ni kazi ya huko. Na kama akikuambia kinachomchosha ni kipigo au mtu wa nyumbani anayemgusa, usimpigie huyo mzazi simu kwanza, anza na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au dawati la jinsia na watoto.

Kuna mwalimu mwingine aliwahi kuniuliza pembeni kama kumripoti mtoto wa hivi si kumpeleka polisi, kwa sababu Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kwenye kifungu cha 217 inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Wenzetu Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu chao cha 226 cha namna hiyo kinapingana na katiba. Kwa vyovyote vile, kuwa na mawazo na kuyasema sio kosa popote hapo, na unampeleka hospitali kama mgonjwa mwingine yeyote. Mwambie hivyo na yeye, wengine wananyamaza kwa kuogopa pingu.

Kwa mkuu wa shule usiende na hapana tupu. Mpe kitu cha kushika mkononi, mwambie badala ya karatasi ya ahadi tuna karatasi ya mpango, tumeita mzazi aje hapa tuongee naye uso kwa uso, tumemwandikia rufaa, jina la mtu wa zamu kila usiku liko hapa, na kumbukumbu ya tarehe, tulichouliza, alichojibu na tulichofanya imeandikwa na kufungiwa kabatini, sio kwenye jalada la nidhamu na wala sio kwenye grupu la wosap la walimu. Akishaonwa na mtaalamu, na nyumbani pakakaguliwa, ikionekana kweli anahitaji kupumzika kwao, basi aende akiwa na mtu wa kumpokea anayejua kila kitu na tarehe ya kurudi imeandikwa, ili ajue kiti chake kipo.

Halafu msimwache baada ya siku ya kwanza. Muulize tena kesho, muulize ndani ya siku tatu, muulize kila wiki kwa miezi kadhaa, na maneno ni yale yale, wiki hii mawazo ya kujiua yamekuja, yalifika wapi, ulitumia kitu gani kwenye karatasi na kipi hakikusaidia. Siku za kuangalia zaidi ni akitoka tu hospitali, matokeo yakitoka, na shule ikikaribia kufungwa. Karatasi yenyewe inabadilika. Ya yule binti wiki ya tatu ilikuja imekunjwa ndogo kabisa kwenye soksi, jina la mama mdogo alikuwa amelikata kwa sababu huyo mama mdogo alimsimulia shangazi habari zake, na juu ya jina hilo ameandika mpishi.